Chai ya majani ya rasiberi kabla ya kujifungua

Uingereza na Australia, wajawazito wengi hunywa chai ya majani ya rasiberi katika wiki za mwisho, wakiamini inaimarisha misuli ya mfuko wa uzazi na kufupisha uchungu. Mwaka 2001 watafiti wa Sydney walichapisha matokeo ya wanawake 192 wenye mimba ya kwanza, waliopewa vidonge vya majani hayo au vidonge bandia kuanzia wiki ya 32. Muda wa njia kufunguka haukupungua; wa kusukuma mtoto ulipungua kwa dakika 10 hivi. Si haba, ila si muujiza.

Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, anayetokwa damu, mwenye mapacha au anayechoma insulini asiinywe kabla ya kuzungumza na mkunga. Tumbo likianza kukaza mfululizo, acha chai, nenda kliniki.