Selander au Tanzanite?

Anayetoka Mwenge asubuhi kwenda Posta, Dar es Salaam, anaweza kunyoosha Barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi Daraja la Selander, au azungukie Oysterbay na kupita Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022. Njia zote mbili huzidi kuwa nzito kadiri magari yanavyoongezeka. Magari yatagawanyikaje pasipo askari wa kuyaelekeza?

Tutumie namba za mfano, si vipimo vya barabara hizo. Magari ni 3,000 kwa saa. Selander ikiwa tupu huchukua dakika 10, na kila magari 100 huongeza dakika moja. Tanzanite ikiwa tupu ni dakika 25, ila inamudu msongamano zaidi: dakika moja huongezeka kwa kila magari 200.

Wote wakijazana Selander, safari ni dakika 40, na ng'ambo kuna njia ya dakika 25. Wajanja watahama, kisha wengine watawafuata, mpaka muda wa njia mbili ulingane. Magari ya Selander tukiyaita x:

10 + x/100 = 25 + (3000 − x)/200

Zidisha pande zote kwa 200: 2000 + 2x = 8000 − x, hivyo x = 2000. Magari 2,000 yanapita Selander na 1,000 Tanzanite, na kila dereva anatumia dakika 30. Atakayehama hapo atakuta dakika zile zile 30, tena kwa kuingia kwake ataziongeza kidogo. Mwingereza John Wardrop aliiandika kanuni hii mwaka 1952.

Kuna mtego mmoja. Siku ya magari 1,200, mlinganyo huo huo unatoa x = 1400, magari mengi kuliko yaliyopo. Maana yake ni kwamba hakuna mgawanyo: wote wanapita Selander kwa dakika 22, na Tanzanite haina mtu.

Turudi kwenye magari 3,000. Usidhani kwamba mgawanyo wasioukimbia madereva ndio bora kwa jiji. Gari moja linaloingia Selander huwachelewesha wenzake 2,000 kwa sekunde 0.6 kila mmoja, jumla dakika 20, na dereva wake hazihisi kabisa. Tanzanite angewachelewesha wenzake kwa dakika 5 tu kwa jumla. Magari yakigawanywa 1,500 kwa 1,500, Selander ni dakika 25 na Tanzanite 32.5, wastani unashuka hadi 28.75, na jiji linaokoa dakika 3,750 kila saa. Lakini mgawanyo huo haudumu, kwa sababu wa Tanzanite wanaiona njia fupi na watairudia. Ili wabaki, Selander ingehitaji tozo ambayo kwa dereva ina uzito sawa na dakika 7.5 za muda wake.