Rasimu ya Tatu: Jinsi Git Inavyounganisha Kazi ya Watu Wawili

Chukua wanafunzi wawili, Asha na Juma, walioambiwa waandike insha moja juu ya Mlima Kilimanjaro. Wanaanza pamoja, wanaandika sentensi chache, kisha kila mmoja anaondoka na nakala yake. Siku mbili baadaye wanakutana wakiwa na faili mbili. Ya Asha ina sentensi ambayo ya Juma haina. Je, Asha ameiongeza, au Juma ameifuta? Hata ukizikodolea macho faili hizo kutwa nzima hutapata jibu, kwa kuwa jibu halimo ndani yake. Limo katika faili ya tatu, ile rasimu waliyoachana nayo siku ya kwanza, ambayo yamkini wote wawili wameshaiandika juu yake na kuipoteza.

Wanaoandika programu za kompyuta wanaishi na tatizo hilohilo kila siku, maana programu nayo ni maandishi tu, na mara nyingi huandikwa na watu wengi kwa pamoja. Chombo wanachokitumia zaidi kulitatua kinaitwa Git. Anayeanza kazi hii hupewa amri kumi za kukariri, naye hukariri, lakini siku Git inapokataa kuunganisha kazi yake na ya mwenzake hajui kimetokea nini. Mimi ningemwanzishia kwenye ile rasimu ya tatu.

Hii ndiyo insha kama walivyoiacha siku ya kwanza, katika faili iitwayo `insha.txt`:

```
Mlima Kilimanjaro uko kaskazini mwa Tanzania.
Una vilele vitatu: Kibo, Mawenzi na Shira.
Kibo ndicho kirefu kuliko vyote.
Kina urefu wa mita 5,895.
Wageni wengi huupanda kila mwaka.
```

Ili Git iitunze rasimu hiyo, wanaandika amri tatu kwenye folda ya insha:

```
git init -b main
git add insha.txt
git commit -m "Rasimu ya kwanza ya insha"
```

Ya kwanza inaianzisha Git katika folda hiyo. Ya pili inasema ni faili gani iingie katika rasimu. Ya tatu ndiyo inayoihifadhi, na rasimu iliyohifadhiwa hivyo huitwa komiti. Ndani ya komiti mna hali kamili ya faili zote kwa wakati ule, jina la aliyehifadhi, tarehe, ujumbe mfupi wa kueleza kilichofanyika, na kitu kimoja ambacho wanaoanza hukipita haraka: utambulisho wa komiti iliyoitangulia. Hiyo iliyotangulia huitwa mzazi. Kila komiti inamjua mzazi wake, mzazi anamjua wake, hadi kufika komiti ya kwanza kabisa isiyo na mzazi.

Utambulisho wenyewe kwa kawaida ni mfuatano wa herufi na tarakimu 40, ingawa kwenye kioo huonyeshwa saba za mwanzo au zaidi kidogo. Git haiupangi kwa zamu kama namba za kurasa, bali huukokotoa kutoka kwenye yaliyomo katika komiti, mzazi akiwamo. Kwa hiyo mtu hawezi kuchokonoa rasimu ya zamani kimyakimya. Akiibadilisha, utambulisho wake unabadilika, na wa kila komiti iliyoifuata pia.

Sasa wanagawana kazi. Kila mmoja anafungua tawi lake. Juma, kwa mfano, anaandika `git switch -c juma`, na kuanzia hapo komiti zake zinafuata njia yake bila kuigusa njia kuu iitwayo `main`. Asha naye anafanya vivyo hivyo kwenye tawi lake. Anaongeza katika mstari wa kwanza kwamba mlima uko karibu na mpaka wa Kenya, na katika mstari wa nne anaongeza "kutoka usawa wa bahari". Juma hagusi mstari wa kwanza. Anagusa wa nne tu, anaongeza kwamba ncha ya Kibo huitwa Uhuru. Kila mmoja anahifadhi komiti yake.

Kazi ya Asha inaunganishwa kwanza kwenye `main`, na hakuna kelele yoyote. Kisha, wakiwa kwenye `main`, wanaandika `git merge juma`. Jambo la kwanza Git inalofanya hapa ni kurudi nyuma kwenye ukoo wa matawi yote mawili, mzazi kwa mzazi, mpaka ipate komiti ambayo matawi yote yametokana nayo. Ukitaka kuiona mwenyewe, amri `git merge-base main juma` itakutajia utambulisho wake. Hiyo ndiyo rasimu ya tatu, ile ya siku ya kwanza, na safari hii haikupotea.

Ikiwa na rasimu tatu mkononi, Git inazilinganisha. Mstari wa kwanza kwa Juma uko kama ulivyokuwa katika asili, ila kwa Asha umebadilika. Basi ni wazi kwamba Asha ndiye aliyefanya kazi hapo, na mstari wake unachukuliwa. Ile sentensi iliyotutatiza mwanzoni nayo ingepata jibu kwa njia hiyohiyo: kama ilikuwamo katika asili, Juma ameifuta, kama haikuwamo, Asha ameiongeza. Mstari wa nne ndio mgumu. Asili inasema hivi, Asha anasema vile, Juma anasema vingine. Wote wawili wamebadilisha, na Git haina kigezo cha kumpendelea mmoja. Inasimama, inatangaza mgongano, na inaandika hivi ndani ya faili yenyewe:

```
<<<<<<< HEAD
Kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari.
=======
Kina urefu wa mita 5,895, na ncha yake huitwa Uhuru.
>>>>>>> juma
```

Alama hizo huwatisha wageni, kana kwamba faili imeharibika. Haijaharibika. Sehemu ya juu ni ya tawi ulilosimama juu yake, sehemu ya chini ni ya tawi unaloliingiza. Kazi yako ni kuhariri mpaka ubaki na mstari unaofaa, kufuta alama zote tatu, kisha kuandika `git add insha.txt` na `git commit`. Ukiona umechanganyikiwa, `git merge --abort` inakurudisha ulipokuwa kabla ya kuanza kuunganisha.

Kosa la kawaida hapa ni kuchagua upande mmoja na kuufuta mwingine, kana kwamba lazima mmoja ashinde. Katika insha yetu wote wawili wana haki, na mstari sahihi unabeba maneno ya wote: urefu kutoka usawa wa bahari pamoja na jina la Uhuru. Lakini ili kulijua hilo unahitaji kuona kila mmoja ameongeza nini, na mwonekano wa kawaida wa mgongano unaficha asili. Amri hii, unayoiandika mara moja tu katika kompyuta yako, inaifichua:

```
git config --global merge.conflictStyle diff3
```

Tangu hapo, kila mgongano utakuwa na sehemu ya katikati yenye mstari kama ulivyokuwa kabla hawajaugusa. Sijui kwa nini chaguo hili halifundishwi siku ya kwanza. Bila hilo unaona sentensi mbili zinazogombana. Ukilitumia, unaona Asha alitaka nini na Juma alitaka nini, na kuandika mstari wa kuwatosheleza wote kunakuwa kazi ya dakika moja.

Huenda umejiuliza kwa nini insha yetu imeandikwa sentensi moja kwa kila mstari. Sababu ni kwamba Git, inapounganisha, hulinganisha mistari. Haijui sentensi, wala aya. Aya nzima ikiandikwa kama mstari mmoja mrefu, Asha akirekebisha neno la kwanza na Juma nukta ya mwisho, huo tayari ni mgongano. Hata mabadiliko ya mistari miwili iliyopakana, mmoja wa Asha na wa pili wa Juma, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mgongano, mpaka pawepo angalau mstari mmoja kati yao ambao hakuna aliyeugusa. Msimbo wa programu huandikwa kwa mistari mifupi tangu zamani, ndiyo maana chombo hiki kinaufaa vizuri. Hati ya Wodi au picha Git inaweza kuitunza, rasimu baada ya rasimu, lakini haiwezi kuiunganisha mstari kwa mstari.

Mahitaji haya yalitoka kwenye kazi halisi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuitunga Git Aprili 2005, baada ya wenye BitKeeper, programu ya biashara ambayo watunzi wa Linux walikuwa wakiitumia bure, kuiondoa ruhusa hiyo. Alikuwa akipokea mabadiliko kutoka kwa watu wengi waliotawanyika duniani, kila mmoja na nakala yake, kwa hiyo kuunganisha kulikuwa sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Julai mwaka huohuo alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wa Git.

Kwa maoni yangu, mgongano ndiyo sehemu salama ya habari hii, kwa sababu Git imekuita uamue. Hatari iko pale inapokaa kimya. Tuseme siku nyingine Asha anaona Shira haionekani tena kama kilele, kwa hiyo anabadilisha mstari wa pili: mlima una vilele viwili vinavyoonekana wazi, Kibo na Mawenzi. Wakati huohuo Juma, kwenye tawi lake, anaongeza mstari mwishoni kabisa: "Kati ya vilele vitatu tulivyovitaja, Shira ndicho cha zamani zaidi." Mistari hiyo haikugusana. Git inaunganisha bila kulalamika, na insha inazungumzia vilele vitatu ambavyo haikuvitaja.

Katika programu hali hiyo hutokea hivi. Asha anabadilisha jina la `hesabu_nauli` kuwa `kokotoa_nauli` kila mahali lilipo. Juma, ambaye hajaliona badiliko hilo, anaandika, ndani ya faili lilimo jina hilo, sehemu mpya inayoita `hesabu_nauli`. Muungano unapita. Kama wanatumia Paithoni, programu inaweza hata kuwaka na kufanya kazi nusu siku, hadi mtu aguse sehemu ya Juma, ndipo litokee hili:

```
NameError: name 'hesabu_nauli' is not defined
```

Kila tawi peke yake lilikuwa zima, kwa hiyo wote wawili wataapa kwamba kwao ilifanya kazi, na wote watakuwa wakisema kweli. Ndiyo sababu timu makini huyaendesha majaribio ya programu baada ya kuunganisha, hata kama yalishapita kwenye kila tawi. Yakishindwa, komiti ya muungano yenyewe inasaidia kutafuta, kwa kuwa tofauti na nyingine ina wazazi wawili. Mkiwa mmesimama juu ya komiti hiyo, `git diff HEAD^1` inaonyesha yote yaliyoingizwa kutoka tawi la Juma, na `git diff HEAD^2` inaonyesha yale ambayo Juma hakuwa nayo alipokuwa akiandika. Jina jipya la Asha litakuwa katika orodha hiyo ya pili.