Shemeji, Nunua Hii Hii na Siyo Nyingine

Kila familia ina ndugu wa nje, na kila ndugu wa nje ana orodha ya vitu alivyowahi kutuma ambavyo havikufanya kazi. Kwetu kitu hicho kilikuwa cherehani. Wifi yangu ni fundi wa nguo Makanyagio, pale Mpanda mjini. Anashona sare za shule na magauni ya vitenge. Kaka yake yuko Marekani. Aliombwa "cherehani nzuri ya umeme", akanunua ya plastiki, nyeupe, inapendeza kweli. Ilichomekwa ukutani, ikanguruma kidogo, ikatoa moshi. Wifi akasema katumiwa takataka, kaka akasema hawana shukrani. Miezi minane hawakupigiana simu!

Mume wangu aligoma kuingilia, nikaandika barua mimi. Lakini kwanza nilikaa na wifi jioni nzima tukajua tunachoomba.

Kosa halikuwa la kaka wala la wifi. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230. Mota iliyotengenezewa 120 ukiichomeka huku bila transfoma, inapokea karibu mara mbili ya inachokiweza. Halafu hata isingeungua, ile ni ya nyumbani, ya mtu anayekunja pindo Jumamosi. Fundi mwenye sare themanini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa anataka ya kiwandani.

Sehemu ya barua niliyoituma ni hii:

"Shemeji, shikamoo. Tunaomba Juki, modeli DDL-8700. Herufi na namba ziwe hivyo hivyo. Ukiona 8700H, hiyo ni ya vitambaa vizito, iache. Ukiona 8700-7, hiyo inakata uzi yenyewe na inataka mota na kisanduku chake cha umeme, nayo iache. Tutumie kichwa tu. Meza, miguu na mota tutanunua Dar. Kama ni cha mtumba, zungusha gurudumu kwa mkono, lisikwame popote. Mwambie muuzaji amwage oili yote kabla ya kufunga. Weka na risiti ndani ya boksi."

Kwa nini kichwa tu? Kwa sababu kwenye DDL-8700 ya kawaida kichwa ni chuma kitupu, hakina umeme ndani. Kinazungushwa kwa mkanda kutoka kwenye mota iliyo chini ya meza. Kwa hiyo ugomvi wa volti unaisha hapo hapo: mota ikinunuliwa Tanzania, inakubali umeme wa Tanzania. Na mzigo unapungua, ingawa kichwa peke yake kinakaribia kilo 30, usimtwishe mgeni kwenye begi la ndege.

Mota nayo ziko za aina mbili. Ya zamani, ya klachi, inazunguka muda wote ukishaiwasha, hata ukiwa unapiga soga na mteja. Ya sevo inazunguka ukikanyaga tu, na ni kimya. Kwa mtu wa LUKU hapo hakuna mjadala.

Sasa kikifika, jamani, msikimbilie kushona. Cherehani hii inajilainisha yenyewe, inavuta oili kutoka kwenye sinia lililo chini ya kichwa. Sinia likiwa kavu, vyuma vinasagana na mashine inakufa mapema. Jaza oili nyeupe ya cherehani mpaka alama ya HIGH, isishuke chini ya LOW. Ukiiendesha, angalia kidirisha kidogo cha juu: oili ionekane ikirukaruka. Isiporuka, zima. Gurudumu nalo lizunguke kuja upande wa fundi. Likienda kinyume, mota imefungwa vibaya.

Sindano za cherehani ya nyumbani hazifai. Hii inatumia DBx1, yenye shina la duara, na mfereji wake mrefu unaelekea kushoto. Ukiiweka vibaya, mshono unaruka, na utalaumu mashine bure.

Wifi nilimwambia ukweli pia. Hii inashona mshono ulionyooka tu. Haifanyi zigizaga, na pindo za sare bado zitataka ovaloki. Umeme ukikatika, inalala. Ile Butterfly yake nyeusi ya kukanyaga asithubutu kuiuza.

Wiki tatu baadaye shemeji alituma picha kutoka dukani. Nikaikuza, nikasoma kibandiko: DDL-8700-7. Bei ilikuwa nzuri mno, kumbe muuzaji hakuwa na kisanduku chake. Wifi akaninyang'anya simu, akampigia kaka yake mwenyewe. "Kaka, hiyo siyo. Ondoa saba."