Kufutwa kwa Rekodi ya Mtu Mmoja katika Data za Utafiti wa Kufuatilia Kaya: Mfano wa Kagera

Kati ya mwaka 1991 na 1994, kaya 915 za Mkoa wa Kagera, zikiwamo za Bukoba na Muleba, zilihojiwa mara hadi nne katika Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera, unaojulikana zaidi kwa kifupisho KHDS. Lengo kuu lilikuwa kupima namna kifo cha mtu mzima, hasa kutokana na UKIMWI, kinavyobadilisha maisha ya wanakaya wanaobaki. Mwaka 2004 na tena mwaka 2010 wahojiwa wale wale walitafutwa upya, hata waliokuwa wamehamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Kwa kuwa watoto walikuwa wamekua na kuanzisha miji yao, idadi ya kaya zilizohojiwa mwaka 2010 ilizidi 3,300. Data zake, baada ya kuondolewa majina, zinapatikana kwa watafiti wa dunia nzima.

Utafiti wa namna hiyo ni mahali pagumu kuliko pengi kwa mtu anayeomba rekodi yake ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka utaratibu wa taarifa binafsi kurekebishwa, kuzuiwa, kufutwa au kuharibiwa. Makala haya hayajadili ni maombi yapi yanastahili kukubaliwa. Yanaanzia pale ombi linapokuwa limekwisha kukubaliwa, na swali lake ni moja: mkusanyaji wa taarifa afanye nini ili ufutaji huo udumu, data zinapohuishwa na katika nakala za zamani zilizohifadhiwa?

Ili swali lionekane vizuri, achukuliwe mhojiwa wa kubuni katika utafiti wa kubuni uliopangwa kama ule wa Kagera. Mwaka 1991 alikuwa mtoto wa miaka sita katika kaya ya watu saba kwenye kijiji kimoja cha kata ya Kimwani, wilayani Muleba. Mwaka 2004 alipatikana Mwanza kwa msaada wa kaka yake, na mwaka 2010 alihojiwa akiwa na kaya yake mwenyewe. Sasa anaomba afutwe. Mtunza data akifungua jedwali la wanakaya na kuuondoa mstari wake, ataona kwa haki kabisa kwamba mstari haupo. Hata hivyo, mwanamke huyo bado yumo katika orodha ya watoto aliyoitoa mama yake, katika fomu ya ufuatiliaji ambamo kaka yake alitaja alikohamia, na katika kaya ya Mwanza yenye namba nyingine kabisa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandaa jedwali la ulinganisho linaloonyesha namba zote alizowahi kupewa mtu mmoja katika duru zote. Anayefuta kwa kutumia namba ya mwaka 1991 peke yake huwa amefuta utoto wa mtu na kumwacha mtu mzima.

Tatizo la pili hujitokeza baadaye, na mara nyingi bila mtu kuliona. Jedwali ambalo watafiti hulitumia halikuingizwa kwa mkono. Hutengenezwa na programu inayosoma mafaili ghafi ya kila duru, kuyasafisha na kuyaunganisha. Siku msimbo wa kazi au wa elimu utakaporekebishwa, programu itaendeshwa tena kuanzia kwenye mafaili ghafi, na mstari uliofutwa utarudi. Hakuna hitilafu itakayotangazwa, kwa kuwa programu imefanya kazi yake sawasawa. Katika utafiti wa kufuatilia kaya, kurudi huko kuna uzito wa pekee. Kabla ya duru mpya, wadadisi huchapishiwa orodha ya wanakaya wa zamani ili waulize kila mmoja yuko wapi na kama yu hai. Mtu aliyeomba asahauliwe ataulizwa kwa jina lake, mbele ya ndugu na pengine majirani, katika utafiti ambao kila mwenyeji anajua kwamba ulihusu vifo na ugonjwa.

Dawa yake ni kuuhifadhi ufutaji wenyewe kama data. Mtunza data huweka orodha ya kufuta, na programu ya kuhuisha hulazimika kuipitia kila inapoendeshwa. Orodha hiyo haipaswi kubeba jina wala namba ya wazi ya mhojiwa, kwa sababu ingegeuka kuwa orodha ya watu waliotaka kujificha. Wengi hudhani kuwa inatosha kuigeuza namba kwa fomyula ya njia moja, kama vile SHA-256. Haitoshi. Utafiti wenye washiriki elfu chache una namba elfu chache tu. Kompyuta ya kawaida hugeuza zote kwa muda usiofika sekunde moja na kulinganisha matokeo. Inafaa kutumia fomyula yenye ufunguo wa siri, na ufunguo uhifadhiwe mbali na orodha. Katika PostgreSQL yenye kiambatisho cha `pgcrypto`, hatua hiyo huandikwa hivi:

```sql
CREATE TABLE wanakaya_mpya AS
SELECT w.* FROM wanakaya_ghafi w
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM orodha_kufuta k
  WHERE k.alama = hmac(w.kaya || '-' || w.mtu,
                       :'ufunguo', 'sha256'));
```

Hapa `kaya` na `mtu` zimehifadhiwa kama maandishi, na kila namba ya mhusika iliyo katika jedwali la ulinganisho huingizwa na alama yake. `NOT EXISTS` imechaguliwa kwa makusudi badala ya `NOT IN`. Ikiwa `NOT IN` itakuta alama moja tu iliyo tupu katika orodha, itarudisha jedwali lisilo na mstari hata mmoja, na wote watakuwa wamefutwa kwa ajili ya mmoja.

Orodha ya kufuta ikae nje ya hifadhidata inayoilinda. Sababu ni rahisi. Mtambo ukiharibika na nakala ya akiba ya mwezi uliopita ikarejeshwa, orodha iliyomo ndani yake itarejea pia ilivyokuwa mwezi uliopita, yaani bila ombi la jana. Urejeshaji wowote uhesabiwe kuwa ni uhuishaji: kwanza orodha ya sasa ipitishwe, kisha watumiaji wafunguliwe mlango.

Nakala tuli, yaani picha ya data nzima kama ilivyokuwa siku fulani, zina ugumu wa aina nyingine. Watafiti huzitaka ili matokeo yaliyochapishwa yaweze kurudiwa, na baadhi ya mifumo huzitengeneza bila kuagizwa. Katika Delta Lake, kwa mfano, amri ya `DELETE` haigusi faili la zamani. Huandika faili jipya lisilo na mstari huo au huweka alama kwamba mstari usisomwe, na toleo la awali huendelea kusomeka na yeyote mwenye ruhusa. Faili la zamani huondoka pale tu `VACUUM` inapoendeshwa, na kwa kawaida yake amri hiyo huacha mafaili yaliyotoka matumizini ndani ya saa 168 zilizopita. Pale ilipotumika alama, mafaili yanapaswa kwanza kuandikwa upya:

```sql
DELETE FROM wanakaya WHERE kaya = '0412' AND mtu = '05';
REORG TABLE wanakaya APPLY (PURGE);
-- baada ya siku 7 au zaidi
VACUUM wanakaya;
```

Uhakiki ufanywe kwa kulisoma toleo la zamani lenyewe. Ikiwa toleo la 12 ndilo lililokuwa na mstari huo, swali la `SELECT COUNT(*) FROM wanakaya VERSION AS OF 12` pamoja na sharti lile lile linapaswa kushindwa kwa kukosa faili. Likijibu 1, mtu huyo bado yumo. Likijibu kwamba faili halipo, kazi imefanyika, lakini gharama yake ionekane: toleo la 12 limepotea kwa watafiti wote. Kwa matoleo ambayo makala yaliyochapishwa yanayategemea, njia bora ni kuyaandika upya bila mhusika na kuyapa namba mpya, badala ya kuyaacha yafe.

Kuandika upya nako kuna mitego miwili. Wa kwanza ni hesabu zilizotokana na mstari uliofutwa. Ile kaya ya Kimwani ilikuwa na watu saba na matumizi ya shilingi 840,000 kwa mwaka, sawa na 120,000 kwa kila mtu. Mtu mmoja akiondolewa na programu ikagawanya upya kwa sita, kaya itaonekana kutumia 140,000 kwa kila mtu, nayo haikupata hata senti moja zaidi. Ukubwa wa kaya na matumizi yake ni taarifa za kaya, na wanakaya wengine hawakuomba chochote. Inaelekea kuwa sahihi zaidi kuziganda hesabu hizo kama zilivyokokotolewa mwanzo na kuacha pengo katika orodha ya wanakaya. Pengo hilo lina udhaifu wake: msomaji hujua kuwa kulikuwa na mtu wa saba, japokuwa hajui lolote juu yake.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Toleo la zamani na toleo jipya yakiwa wazi kwa pamoja, yeyote anaweza kuyalinganisha, na tofauti pekee itakuwa mstari wa aliyeomba kufutwa. Katika kijiji chenye kaya chache zilizohojiwa, umri, jinsi na mwaka wa kuhama vinatosha kwa mwenyeji kumtambua. Ombi la kusahauliwa linakuwa limemwekea mhusika alama nyekundu. Kwa sababu hiyo toleo la zamani liondolewe siku ile ile jipya linapowekwa. Pia maombi yakusanywe na kutekelezwa kwa pamoja, sambamba na marekebisho mengine ya data, ili tofauti baina ya matoleo iwe ya mistari mingi yenye sababu mbalimbali. Kuchapisha maelezo kwamba mstari fulani umefutwa kwa ombi ni uwazi usiomsaidia mtu.

Yote hayo yanaishia kwenye mitambo ya mkusanyaji mwenyewe. Nakala ambazo watafiti wamekwisha kuzipakua hazivutiki kwa amri yoyote. Kinachowezekana ni masharti ya matumizi yaliyowekwa tangu mwanzo: kila anayepakua aandikishwe anwani yake, aarifiwe toleo linapoondolewa, na atakiwe kuliharibu. Kwa hiyo barua ya majibu kwa mwombaji isiseme tu kwamba taarifa zake zimefutwa. Itaje majedwali yaliyosafishwa na duru zake, matoleo yaliyoandikwa upya, na yale yaliyopakuliwa kabla, ambayo wenye nayo wameandikiwa. Itaje pia tarehe ya kumalizika kwa nakala za akiba. Zikitunzwa kwa siku 90, na ile ya mwisho yenye mstari huo ikiwa ilichukuliwa usiku wa tarehe 3 Machi, basi tarehe ya kuandikwa katika barua ni 1 Juni.