Kikokotoo cha Simu na Hesabu ya Biashara Ndogo

Takriban kila simu ya mkononi ina kikokotoo, na simu janja huwa pia na kigeuzi cha vipimo na kigeuzi cha sarafu. Vifaa hivi havikosei kujumlisha. Hasara hutokea pale mtumiaji anapoviuliza swali lisilolingana na jambo analolitaka. Tutazame mfano wa mkazi wa kata ya mpakani anayepika maandazi na kuyauza siku ya gulio. Bei zilizotumika hapa ni za mfano.

Kupima unga

Mapishi yake yanataja vikombe, ilhali dukani hununua kwa kilo. Kigeuzi cha vipimo hakiwezi kugeuza kikombe kuwa gramu, kwa kuwa kikombe hupima ujazo na gramu hupima uzito. Kikombe cha sukari ni kizito kuliko kikombe cha unga. Aidha, kikombe kinachoandikwa "cup" katika vigeuzi vingi ni cha Kimarekani, chenye mililita 237 hivi, na huenda hakilingani na cha nyumbani.

Dawa yake ni kupima mara moja tu. Nunua kilo moja ya unga katika duka lenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, kisha hesabu vikombe vyako vinavyojaa. Vikiwa vinane, gawa 1000 kwa 8: kikombe chako ni gramu 125. Mapishi ya vikombe 16 yatahitaji kilo mbili kamili. Fanya vivyo hivyo kwa sukari.

Kupanga bei

Tuseme unga, sukari, mafuta, hamira, iliki na mkaa vimegharimu shilingi 10,000, na yamepatikana maandazi 50. Gawa 10000 kwa 50: kila andazi limegharimu shilingi 200. Mpishi anataka kuongeza asilimia 25. Kwa kuwa kitufe cha asilimia hakifanyi kazi kwa namna moja katika vikokotoo vyote, ni salama zaidi kuandika hivi:

```
10000 × 1.25 = 12500
```

Kila andazi litauzwa shilingi 250, na faida itakuwa shilingi 2,500. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mteja wa jumla akiomba apunguziwe asilimia 25, muuzaji hudhani kwamba anasamehe faida tu na kurudisha mtaji wake. Sivyo. Asilimia 25 ya 12,500 ni 3,125. Atabaki na shilingi 9,375, yaani hasara ya shilingi 625. Asilimia ya kuongeza ilihesabiwa juu ya gharama, na ile ya kupunguza inahesabiwa juu ya bei, ambayo ni kubwa zaidi. Katika mfano huu, punguzo la asilimia 20 linamaliza faida yote. Kabla ya kukubali punguzo, zidisha bei kwa kiasi kinachobaki, mathalani 12500 × 0.9 kwa punguzo la asilimia 10, kisha toa gharama.

Fedha ya ng'ambo ya mpaka

Sasa mpishi huyu anavuka Holili kwenda kuuza sokoni Taveta, Kenya. Kigeuzi cha sarafu kinamwonyesha kuwa shilingi moja ya Kenya ni shilingi 20 za Tanzania. Anagawa 12500 kwa 20 na kuuza maandazi yote kwa shilingi 625 za Kenya. Akirudi, duka la kubadilishia fedha linanunua shilingi ya Kenya kwa 19. Anapokea 625 × 19, yaani 11,875. Faida yake imeshuka kutoka 2,500 hadi 1,875. Robo yake imepotea.

Hakuibiwa. Kigeuzi huonyesha kiwango cha kati, ilhali duka hununua chini yake na kuuza juu yake. Hivyo, uliza kwanza kiwango cha kununulia, kisha ukitumie katika kikokotoo: 12500 ÷ 19 ni karibu 658. Akiuza kwa 660 atakuwa salama. Tazama pia tarehe iliyo chini ya kigeuzi, kwani simu isiyo na intaneti huweza kuonyesha kiwango cha siku zilizopita.

Ikumbukwe kwamba kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja au kupokea bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa ndani ya Tanzania. Hesabu hii ya shilingi ya Kenya ni ya mauzo ya upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu, bei ya andazi itajwe na kulipwa kwa shilingi ya Tanzania.