Kulipia Nyumba Isiyoonwa: Namna ya Kuzitambua Tovuti Bandia za Upangishaji (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza namna nyumba inavyopangishwa jijini Dar es Salaam kwa mkono wa dalali, tangu mpangaji anapotaja mtaa anaoutaka mpaka anapokabidhiwa ufunguo. Sehemu hii ya pili inahusu tovuti zinazojidai kuifanya kazi hiyohiyo, ambazo humwonesha mtafutaji picha za nyumba nzuri kwa kodi nafuu, kisha humtaka alipe amana kabla hajaikanyaga nyumba yenyewe. Amana ni fedha anayoitoa mpangaji kuthibitisha nia yake, ambayo ama hurejeshwa mwisho wa upangaji ama hukatwa katika kodi ya kwanza. Katika matangazo ya aina hii huitwa pia advansi, ada ya kushikilia nyumba au kishika nafasi.

Dalili za utapeli huu ni nyingi, lakini hazina uzito sawa. Maandishi yenye makosa yanaweza kusahihishwa, tovuti chakavu inaweza kupambwa, na nembo ya kampuni inaweza kubuniwa kwa muda mfupi, kwa kuwa yote hayo hupatikana kwa fedha kidogo. Jambo moja asiloweza kulirekebisha tapeli ni kwamba hana ufunguo, na mtu asiye na ufunguo hana budi kupokea fedha kabla ya siku ya kuonesha nyumba, maana siku hiyo haitafika. Kwa sababu hiyo mpangilio wa malipo, yaani lipi linatangulia kati ya kulipa na kuona, ndio dalili kuu, na dalili nyingine zote huitumikia hiyo.

Hata hivyo, mazoea ya upangaji ya Dar es Salaam humrahisishia tapeli kazi yake. Dalali wa kweli hutoza fedha ya kuwazungusha wateja, ambayo wengi huiita hela ya usumbufu, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja inayokuwa ujira wa dalali. Mtu aliyezoea kutanguliza fedha kwa namna hiyo haoni ajabu anapoambiwa na tovuti atangulize amana. Tofauti ni kwamba hela ya usumbufu ni ndogo na hulipwa siku ya kuzunguka kwa mtu anayeonekana, na malipo makubwa husubiri mpaka mteja awe ameridhika na nyumba na kukutana na mwenye nyumba au mwakilishi wake. Amana ya tovuti bandia huvuka hatua hizo zote mbili.

Ili jambo lieleweke kwa vitendo, ichukuliwe tovuti ya kubuni inayotangaza nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Mikocheni kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, ilhali matangazo mengine ya nyumba za aina hiyo mtaani humo yanataja takriban mara mbili ya kiasi hicho. Mtafutaji anapoandika kuuliza siku ya kwenda kuiona, anajibiwa kwamba mwenye nyumba yuko nje ya nchi kikazi, kwamba wateja watatu wameshaitaka, na kwamba akilipa shilingi 200,000 leo nyumba itaondolewa kwenye tangazo na ufunguo utatumwa kwake kwa basi. Akilipa, hudaiwa tena gharama ya kuandika mkataba, halafu ya kusafirisha ufunguo, na madai hayakomi mpaka yeye mwenyewe achoke.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kuisoma anwani ya tovuti. Sehemu inayomtambulisha mmiliki huitwa kikoa, nayo husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, ikianzia kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Tuseme anwani inaonekana hivi:

```
https://nyumbadar.co.tz.makazi.example/mikocheni
```

Msomaji wa haraka huona `nyumbadar.co.tz` na kudhani yuko katika tovuti iliyosajiliwa Tanzania, kumbe kikoa halisi ni `makazi.example`, na maneno yaliyotangulia ni kiambatisho ambacho mwenye kikoa hicho anaweza kukiandika apendavyo. Hila hii hutumiwa hasa na wanaoiga tovuti zinazojulikana. Alama ya kufuli iliyo kando ya anwani nayo isimtulize mtu, kwa kuwa maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamesimbwa ili watu wa kati wasiyasome. Vyeti vinavyoleta alama hiyo hutolewa bure tangu mwaka 2015 na shirika la Let's Encrypt, na tapeli huvipata kama apatavyo mwingine yeyote.

Hatua ya pili ni kuutazama umri wa kikoa. Kila kikoa kina kumbukumbu ya usajili inayoonesha tarehe kilipoandikishwa, na kwa vikoa vya kimataifa kama vile vya `.com` kumbukumbu hiyo husomwa bure katika ukurasa wa `lookup.icann.org`. Katika mfano wa Mikocheni, mstari wa kutazamwa ungeweza kuwa huu:

```
Creation Date: 2025-02-11T09:42:17Z
```

Ikiwa tovuti hiyohiyo imeandika chini ya ukurasa wake kwamba imewahudumia wapangaji kwa miaka 12, na mtafutaji anaisoma mwezi Machi 2025, basi kikoa hakijatimiza hata miezi miwili na maelezo hayo ni ya uongo. Lakini kipimo hiki kina mipaka miwili inayofaa kukumbukwa. Kwanza, kampuni changa ya kweli nayo huwa na kikoa kipya, na tapeli mwenye subira anaweza kununua kikoa cha zamani kilichoachwa na mwenyewe. Kwa hiyo kinachofichua uongo ni kupingana kwa tarehe na madai ya tovuti, wala si upya wa kikoa peke yake. Pili, jina la mmiliki siku hizi mara nyingi halioneshwi katika kumbukumbu hizo kutokana na kanuni za faragha, na kukosekana kwake si ushahidi wa ubaya wala wa uzuri.

Hatua ya tatu, ambayo hutoa matunda haraka kuliko nyingine, ni kuzikagua picha. Kwa kuwa tapeli hana nyumba, picha zake lazima ziwe zimetoka mahali pengine, na huduma za kutafuta kwa picha kama Google Lens au TinEye zinaweza kuonesha kwamba sebule inayodaiwa kuwa ya Mikocheni ilikwisha kutangazwa katika hoteli au nyumba ya mji mwingine. Wajanja huigeuza picha kushoto kulia ili utafutaji huo usifaulu, na kwa hiyo yafaa kuigeuza tena na kutafuta mara ya pili. Utafutaji usipoleta kitu, jicho lenyewe litumike: soketi za ukutani nchini Tanzania kwa kawaida ni za matundu matatu ya mstatili, hivyo picha yenye soketi za matundu mawili ya mviringo inatia shaka, na chombo cha kupasha joto chumba kilichofungwa chini ya dirisha hakina kazi katika joto la Dar es Salaam. Madirisha yasiyo na nondo wala wavu wa mbu katika nyumba ya chini yanafaa kuulizwa, ingawa peke yake hayathibitishi kitu.

Hatua ya nne ni njia ya malipo. Mtu anapotuma fedha kwa simu, jina lililosajiliwa kwa namba ya mpokeaji huonekana kabla ya kuthibitisha kwa namba ya siri, na hapo ndipo pa kusimama na kusoma. Tovuti inayojiita kampuni lakini inapokea amana kwa namba ya mtu binafsi, ambaye jina lake si la kampuni, si la mwenye nyumba aliyetajwa wala si la wakala aliyekuwa akiandikiana na mteja, imekwisha kujieleza. Kulingana kwa majina nako hakutoshi, kwa kuwa laini za simu husajiliwa kwa majina ya watu wengine na namba ya biashara hupatikana bila shida kubwa.

Baada ya hatua hizo hubaki kipimo kinachoigusa nyumba yenyewe. Mtafutaji aombe jina la mtaa na alama za kuifikia nyumba, kisha aende, au amtume ndugu ikiwa yeye yuko mkoani, Muscat au Dubai. Anayetumwa asiishie getini, bali aulize majirani na afike ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti na mtendaji, au mjumbe wa eneo, mara nyingi huwafahamu wenye nyumba wa eneo lao. Video ya moja kwa moja kutoka ndani ya nyumba ni bora kuliko picha, hasa mteja akiomba afunguliwe bomba la jikoni au aoneshwe mita ya LUKU palepale, ila haimalizi shaka yote, kwa sababu wapo wanaokodi nyumba kwa siku chache, wakaionesha kwa watu kadhaa kama yao na kukusanya amana za wote. Ndiyo maana kuona nyumba ni sharti la lazima lakini si sharti linalotosha, na swali la nani mwenye mamlaka ya kuipangisha hubaki palepale.

Kwa yule ambaye fedha zimekwisha kumtoka, muda ndio unaoamua, kwa kuwa kampuni ya simu inaweza kuzuia muamala iwapo fedha bado zimo katika akaunti ya mpokeaji, lakini zikishatolewa kwa wakala urejeshaji huwa mgumu sana. Apige simu huduma kwa wateja papo hapo, autume ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha afike kituo cha polisi kufungua jalada na kupewa namba ya RB. Shauri la namna hii linaangukia katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Picha za skrini zihifadhiwe zikionesha anwani nzima ya tovuti, tarehe na namba ya muamala, na zichukuliwe mapema, kwa sababu tovuti za aina hii hufungwa mara malalamiko yanapoanza.

Sehemu ya tatu italichukua swali lililoachwa hapo juu, yaani namna ya kuthibitisha kwamba anayetia saini mkataba wa upangaji ndiye mwenye nyumba au amepewa mamlaka naye, na nyaraka za kuombwa kabla ya kodi ya kwanza kulipwa.