Redio ya Jiwe: Jinsi Dayodi Moja Itoavyo Sauti Katika Wimbi

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya redio iliyo ndogo, ile iitwayo redio ya jiwe. Redio hii haina betri, wala haiungwi na waya wa umeme wa nyumbani. Ina waya mrefu uliotundikwa juu ya mti, na waya mwingine uliofukiwa ardhini; ina koili ya waya wa shaba, na kapasita ya kuchagulia kituo; ina kipande kidogo kiitwacho dayodi, na visikizio vya kuvaa masikioni. Nguvu zote zitikisazo visikizio hivyo zimetoka katika mnara wa kituo chenyewe, zikapita angani, zikanaswa na ule waya wa juu.

Mtu akikitazama chombo hiki huuliza: Ikiwa nguvu zimekwisha kunaswa na kuingia katika koili, mbona nisiunge visikizio na koili moja kwa moja, nikaiacha hiyo dayodi? Na ajaribu. Atatega sikio mchana kutwa asisikie neno. Akiirudisha dayodi mahali pake, mara sauti ya msomaji wa habari yasikika. Basi jambo tutakalolieleza ni hilo moja tu: kipande hicho kimefanya nini?

Tuanze na kile kitujiacho kutoka angani. Tuseme kituo chetu chatangaza katika kilohezi 1,000. Maana yake ni kwamba umeme ndani ya koili yetu wakwenda na kurudi mara 1,000,000 katika sekunde moja. Wimbi kama hilo, likiwa peke yake, halina maneno. Ni kama hamali asiye na mzigo. Ili kumtwisha mzigo, mafundi wa kituo huzidisha na kupunguza ukubwa wa wimbi kwa kuifuata sauti ya msemaji. Idadi ya mitikisiko haibadiliki. Kinachobadilika ni kimo chake. Ikiwa msemaji atoa sauti yenye mitikisiko 500 kwa sekunde, basi kimo cha wimbi kitapanda na kushuka mara 500 kwa sekunde, na ndani ya kila kupanda na kushuka kumoja mtakuwa na mitikisiko 2,000 ya wimbi mchukuzi.

Chora jambo hili katika karatasi. Piga mstari ulalao katikati, kisha chora mawimbi membamba yaliyosongamana kama miti ya ua, mengine marefu, mengine mafupi, yakipanda juu ya mstari na kushuka chini yake. Sasa pitisha kalamu juu ya vilele vyote. Utapata mstari mmoja upandao na kushuka polepole. Mstari huo ndio sura ya sauti ya msemaji, nasi tutauita ukingo wa vilele. Lakini angalia chini ya mstari wa katikati: kuna ukingo wa pili, uliopinduka kama kivuli cha mnazi majini. Ule wa juu upandapo, huu wa chini hushuka kwa kadiri ile ile.

Hapa ndipo penye shida yetu. Ndani ya kisikizio mna kiwambo cha bati jembamba kivutwacho na sumaku. Kiwambo hicho ni kizito mno hata kisiweze kuufuata umeme ugeukao mara milioni moja kwa sekunde. Kabla hakijaanza kusogea mbele, kimekwisha kuamriwa kurudi nyuma. Kwa hiyo hukitii kile kinachosalia tu baada ya kujumlisha kusukumwa na kuvutwa kote. Na kinasalia kiasi gani? Tufanye hesabu. Tuseme wimbi lina kilele cha volti 0.4 wakati msemaji anaponyamaza, nalo hupanda hadi 0.6 na kushuka hadi 0.2 asemapo. Wimbi lilipo kubwa, kuna 0.6 ya mbele na 0.6 ya nyuma. Ukijumlisha, hupati kitu. Lilipo dogo, kuna 0.2 ya mbele na 0.2 ya nyuma. Ukijumlisha, tena hupati kitu. Msemaji apige kelele au anong'one, jumla ni ile ile, yaani sifuri. Sauti imo ndani ya koili kweli, lakini ukingo wa juu na ukingo wa chini umefutana.

Dawa yake ni kuuondoa ukingo mmoja. Wavuvi wa pwani wanalijua dema: mlango wake umesukwa hata samaki aweza kuingia wala hawezi kutoka. Dayodi ni mlango wa namna hiyo kwa umeme. Huuruhusu kupita upande mmoja, na kuuzuia upande wa pili. Mwaka 1874 Ferdinand Braun, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha kwamba mawe fulani yenye madini na kiberiti yana tabia hiyo, yaguswapo kwa ncha ya waya. Moja la mawe hayo ni galena, jiwe la risasi, ambalo ndilo lililoipa redio hii jina lake. Mwenye redio ya zamani alikuwa akiligusagusa jiwe kwa waya mwembamba mpaka aone mahali panapotoa sauti. Siku hizi hutumika dayodi ya jerimani iliyofungwa ndani ya kichupa cha kioo, nayo haihitaji kutafutiwa mahali.

Turudie hesabu yetu, sasa dayodi ikiwapo. Wimbi lilipo kubwa, misukumo ya 0.6 hupita na ile ya nyuma huzuiwa. Lilipo dogo, misukumo ya 0.2 hupita na ile ya nyuma huzuiwa. Hakuna tena wa kuifuta. Kwa mara ya kwanza kiwambo kinavutwa kwa nguvu mara hii, na kwa udhaifu mara ile, kikiufuata ukingo wa vilele. Sehemu isiyobadilika hukivuta kiwambo kidogo na kukiweka pale pale, hiyo haisikiki. Sehemu ipandayo na kushuka ndiyo inayokitikisa mara 500 kwa sekunde, nayo ndiyo sauti yenyewe.

Ukitaka hakika ya maneno haya, igeuze dayodi, ncha ya mbele iwe nyuma. Wengi hudhani redio itanyamaza. Hainyamazi, husema vile vile. Sababu ni kwamba sasa umeutupa ukingo wa juu na kuushika ule wa chini, nao una sura ile ile iliyopinduka, wala sikio halitambui tofauti.

Imebaki kazi moja. Umeme utokao katika dayodi huja kwa misukumo iliyokatikakatika, milioni moja kwa sekunde. Kwa hiyo kapasita ndogo huwekwa sambamba na visikizio. Ifikirie kuwa mtungi wenye tundu dogo chini. Kila msukumo ni kata ya maji imiminwayo. Kati ya kata na kata maji huvuja kidogo. Mtungi hujaa mpaka kimo cha vilele, na vilele vishukapo, maji nayo hushuka kwa kuvuja. Hivyo kimo cha maji huufuata ukingo, na mapengo ya katikati hufunikwa.

Tundu na mtungi sharti vilingane. Tuseme visikizio huuzuia umeme wa sauti kiasi cha omu 10,000, na kapasita ni ya nanofaradi 1. Ukizidisha viwili hivyo, wapata muda wa kuvuja, nao ni sehemu 10 za milioni za sekunde. Kati ya kilele na kilele ipo sehemu 1 tu ya milioni, kwa hiyo kimo hushuka kwa karibu sehemu moja ya kumi, nayo si kitu. Na sauti nyembamba ya mitikisiko 3,000 kwa sekunde huchukua sehemu 333 za milioni kwa kila mtikisiko. Mtungi una nafasi ya kutosha kushuka pamoja nayo.

Sasa tuseme mtu aweka kapasita kubwa mara mia, akitumaini sauti kubwa. Muda wa kuvuja wawa sehemu 1,000 za milioni. Wimbi lishukapo, mtungi bado umejaa; kabla haujavuja, sauti imekwisha kupanda tena. Atasikia maneno mazito yaliyofunikwa, kana kwamba msemaji amejitia blanketi kinywani. Herufi za s na f zitapotea kwanza, maana ndizo zenye mitikisiko myepesi. Dalili hiyo ukiisikia, itazame kapasita kabla ya kuilaumu dayodi. Kinyume chake, ukiiondoa kapasita kabisa, mara nyingi redio huendelea kusema, kwa sababu kiwambo chenyewe husawazisha misukumo, na waya za visikizio nazo hufanya kazi ya mtungi mdogo.

Lakini mlango wetu si mkamilifu. Dema hufunguliwa na samaki mwenye nguvu ya kuusukuma mlango, na dayodi nayo hutaka kusukumwa. Ile ya jerimani huanza kupitisha umeme wa kutosha ipatapo kama volti 0.2, ile ya silikoni hutaka karibu 0.6. Ukitia ya silikoni katika redio ya mfano wetu, vilele vya 0.6 vitaufungua mlango kwa shida, na vile vya 0.2 vitarudi mikono mitupu. Utasikia vipande vya maneno, au kimya. Hata ya jerimani, wimbi likiwa dhaifu sana, haikati sawasawa: wimbi likipungua nusu, sauti hupungua si nusu bali robo. Ndiyo maana waya mrefu wa juu na ardhi yenye unyevu huleta tofauti kubwa kuliko mtu anavyotazamia.

Redio ikinyamaza, dayodi yapimika kwa visikizio vyenyewe. Chukua betri moja ya volti 1.5, uiunge na dayodi na visikizio kwa mfuatano. Gusa: utasikia mlio mfupi. Geuza dayodi, gusa tena: usisikie kitu, au usikie kidogo sana. Ikiwa yalia sawa pande zote mbili, mlango umevunjika na kubaki wazi. Ikiwa hailii upande wowote, umeziba au waya umekatika. Katika hali zote mbili haina faida tena.

Mwisho, kumbukeni kwamba dayodi husoma kimo cha wimbi, wala haisomi jambo jingine. Vituo vya FM huweka kimo kile kile daima, na kuibeba sauti kwa kubadilisha wingi wa mitikisiko. Kwa wimbi la namna hiyo ukingo wa vilele ni mstari ulionyoka, wala hauna sauti ya kutolewa. Redio ya jiwe hutaka kituo cha mawimbi ya AM kilicho karibu. Na mahali ambapo kituo cha namna hiyo kimefungwa, itanyamaza ingawa kila waya umo mahali pake.